Fundi au shahada: hesabu tuliyoipiga kabla binti yangu hajachagua

Mimi ni fundi umeme. Nilianza uanagenzi nikiwa na miaka 18, nikapata cheti nikiwa na 22, na sasa nina 47. Mdogo wangu, aliyenifuata kwa mwaka mmoja, alikwenda chuo kikuu akasomea uhasibu. Binti yangu alipomaliza sekondari akaniuliza ashike njia gani, nilimwita huyo mdogo wangu, shangazi yake, tukakaa mezani kila mmoja na daftari lake la mapato. Tulianza saa tatu asubuhi, na jibu nililokuwa nalo asubuhi silo nililokuwa nalo jioni.

Ili hesabu isomeke na mtu yeyote, tuliweka kipimo kimoja: mshahara wa mwaka wa fundi aliyetoka tu kupata cheti tuliuita 100. Mfumuko wa bei tuliuondoa, na tarakimu tulizizungusha kidogo. Chakula na malazi hatukuyaingiza kabisa, kwa sababu mwanagenzi anakula na mwanafunzi anakula. Miaka inayofuata umri wetu wa sasa tuliikisia kwa kuwatazama wenzetu waliotutangulia.

Upande wangu ulikwenda hivi. Miaka minne ya uanagenzi ilinilipa 40, 50, 60 na 75. Mwaka wa kwanza nilinunua vifaa vyangu kwa 15, kwa hiyo nilifika miaka 22 nikiwa nimeingiza 210. Kutoka hapo hadi miaka 29 niliingiza 100 kila mwaka, miaka ya thelathini na arobaini 125, na baada ya 50 tulikisia 105, kwa sababu mabega yameanza kudai haki yao na kazi za juu ya ngazi nimeanza kuwaachia vijana.

Mdogo wangu alilipa ada ya 50 kwa miaka minne, yaani alifika miaka 22 akiwa chini kwa 200. Mwaka uliofuata aliutumia kutafuta kazi, akapata 30 kwa vibarua vya hapa na pale. Miaka 23 hadi 29 alipata 110, akanizidi kidogo sana. Lakini kuanzia 30 alipanda hadi 170, na baada ya 50 tumemwekea 180, kwa kuwa katika kazi yake uzoefu wa mwenye mvi una bei.

Jumlisha hadi miaka 60 na utaona kitu ambacho kila mtetezi wa chuo hukionyesha: yeye ananizidi kwa 1,240, zaidi ya miaka 12 ya mshahara wa fundi mpya. Alinifikia tulipotimiza miaka 39 hivi. Kabla ya hapo, kwa zaidi ya miaka 20, mimi ndiye niliyekuwa mbele.

Hapo ndipo wengi hufunga daftari, na ndipo penye kosa. Fedha ya miaka 18 na fedha ya miaka 55 si fedha moja, hata baada ya kuondoa mfumuko wa bei. Ukiwa na 100 leo na ukaiweka mahali inapokua kwa asilimia 5 kwa mwaka, baada ya miaka 14 hivi inakuwa 200. Ukiwa umekopa 100 kwa riba hiyo, deni nalo linakua hivyo hivyo. Kwa hiyo kila tarakimu lazima irudishwe nyuma hadi mwaka wa kuanza: mapato ya mwaka wa kwanza unayaacha yalivyo, ya mwaka unaofuata unayagawa kwa 1.05, ya mwaka wa tatu unayagawa kwa 1.05 mara mbili, na kuendelea. Mdogo wangu aliifanya kwenye jedwali la kompyuta kwa dakika kumi. Ile 1,240 ilinywea ikawa karibu 67.

Nilimwomba aihesabu upya. Ilikuwa sahihi. Faida yake kubwa yote iko mbali, miaka ya thelathini hadi ya hamsini, ambako kila 100 imeshapunguzwa sana. Hasara yake yote iko karibu, mlangoni, ambako hupunguzwa kidogo tu. Tulipoweka asilimia 6 badala ya 5, fundi akatangulia kwa 21. Swali la fundi au shahada, kwa mapato kama yetu, linaamuliwa na riba iliyo kati ya asilimia 5 na 6. Ukikopa ada kwa riba ya juu kuliko hiyo, baada ya kutoa mfumuko wa bei, hesabu yetu inageuka.

Nikasema, basi fundi ameshinda. Mdogo wangu akanitazama na kuniuliza: "Kaka, zile 210 za uanagenzi ziko wapi?" Hazipo. Nilizitumia, kama kijana yeyote anayeshika mshahara wake wa kwanza. Riba ya mwanafunzi hukatwa upende usipende, kwa sababu mkopeshaji anaidai. Riba ya mwanagenzi inapatikana tu kama ameweka akiba. Faida ya kuanza mapema, ambayo sisi mafundi tunaitaja kila mara, ni faida ya karatasi hadi pale kiasi fulani cha mshahara wa miaka minne ya kwanza kitakapowekwa mahali na kuachwa. Hili nalisema kwa uchungu kwa sababu hakuna aliyeniambia nikiwa na miaka 19.

Jambo la pili lililobadilisha mazungumzo ni kutomaliza. Hesabu yote hapo juu inamhusu mwanafunzi aliyehitimu na akapata kazi inayohitaji shahada. Chukua anayeacha baada ya miaka miwili, kisha akaanza uanagenzi. Amelipa ada ya 100 na amechelewa miaka miwili. Mwenzake aliyeanza ufundi moja kwa moja ana 410 ifikapo miaka 24. Yeye ana 110. Pengo ni 300, na likirudishwa nyuma kwa asilimia 5 ni kama 275. Sasa pima: anayefaulu anapata 67 zaidi ya fundi, anayeacha anapoteza 275. Ikiwa katika kila watu watano mmoja anaacha, ile faida ya wanne imeliwa yote na hasara ya huyo mmoja. Ndiyo maana swali la kwanza nililomwambia binti yangu aulize kila chuo halikuwa ada. Ni hili: kati ya walioanza programu hii, wangapi walimaliza, na wangapi wanafanya kazi inayodai cheti hicho? Chuo kikikupa idadi ya wahitimu bila idadi ya walioanza, hujajibiwa.

Na wapo wanaomaliza lakini hawapati kazi ya shahada yao. Nchini Uingereza, ambako watafiti wameweza kufuatilia kodi za wahitimu kwa miaka mingi, ripoti ya mwaka 2020 ilikadiria kuwa karibu mhitimu 1 kati ya 5 angekuwa na fedha zaidi maishani kama asingekwenda chuo kikuu. Tofauti kubwa haikuwa kati ya chuo na kutokwenda chuo, bali kati ya somo na somo. Katika jedwali letu ni vivyo hivyo: ukimshusha mdogo wangu kutoka 170 hadi 140 katika miaka ya thelathini na arobaini, fundi anamzidi kwa 150. Mtu mwingine akimlipia ada yake yote, yeye anamzidi fundi kwa 250. Neno "shahada" lenyewe halina bei mpaka utaje somo na anayelipa.

Nisiwafiche upande wangu. Nilipoandika 125 kwa mwaka niliandika wastani. Mwaka mmoja ujenzi ulisimama na niliingiza 55. Mdogo wangu mwaka huo hakukosa hata mwezi mmoja. Fundi wa majengo mapya huanguka wa kwanza uchumi ukilegea, wakati fundi wa matengenezo huendelea kuitwa, kwa sababu taa ikizimika haisubiri uchumi upone. Baada ya mwaka ule nilihamia matengenezo na mapato yangu yakatulia.

Hatari nyingine huja baadaye, na watafiti wameiona pia. Mwaka 2017 mwanauchumi Eric Hanushek na wenzake walichapisha uchambuzi wa nchi 11: waliosoma ufundi huingia kazini kwa urahisi zaidi wakiwa vijana, lakini umri unavyosonga faida hiyo hupungua na waliosoma elimu ya jumla hubaki kazini zaidi. Hali hiyo ilionekana wazi zaidi katika nchi zenye uanagenzi mpana, kama Ujerumani, Denmaki na Uswisi. Sababu wanayoitaja ni kwamba ujuzi mahususi huzeeka teknolojia ikibadilika. Mimi nimeliona hilo kwa macho: wenzangu waliokataa kujifunza mifumo ya sola na mitambo inayoongozwa na kompyuta sasa wanafanya kazi za vijana kwa malipo ya vijana.

Uanagenzi nao una njia yake ya kukuangusha, na huonekana mapema ukijua pa kutazama. Mahali pangu pa kwanza, ambapo sitapataja, nilibeba mabomba na kufagia kwa miezi saba. Mshahara ulikuja, ila mkono haukujifunza kitu. Alama yake ni daftari la kazi. Mwanagenzi anapaswa kuandika kila wiki kazi aliyoifanya mwenyewe, na fundi msimamizi asaini. Baada ya miezi sita, daftari langu lilikuwa na kurasa za kubeba na kusafisha. Hakuna hata mstari mmoja wa kuunga nyaya au kupima saketi. Niliondoka nikaanza upya kwingine, na ni miaka minne ya huko kwingine niliyoiandika hapo juu. Kabla ya kusaini mkataba, omba kuona daftari la mwanagenzi wa mwaka wa tatu. Uliza pia kama cheti kinatambulika nje ya kampuni hiyo, maana cheti kinachokubalika na mwajiri mmoja tu kinakufunga kwa mwajiri huyo na mshahara wake.

Binti yangu alichukua jedwali akaweka tarakimu zake. Anapenda mitambo ya kupoza hewa, na pia amepata nafasi ya kusomea uhandisi mitambo. Kwa uhandisi aliweka ada kamili, riba ya mkopo aliopewa, na nafasi moja kati ya nne ya kutomaliza, kwa sababu hesabu humsumbua na hakutaka kujidanganya. Shahada ikatoka nyuma. Kisha akajaribu mstari wa tatu ambao mimi na shangazi yake hatukuufikiria: uanagenzi wa miaka minne, akiba ya 15 kila mwaka, halafu shahada ya jioni kuanzia miaka 24 huku akilipwa kama fundi kamili. Hapo ada ni ile ile, lakini mapato hayakatiki, na akiacha katikati bado ana cheti mkononi. Mstari huo uliizidi mingine yote miwili, japo shangazi yake alimwonya kuwa kusoma usiku baada ya kazi ya mikono kunachosha, na kwamba nafasi ya kutomaliza aipandishe iwe moja kati ya mbili. Akaipandisha. Bado ulikuwa mbele, kwa kiasi kidogo. Amesaini mkataba wa uanagenzi, na daftari la kazi la mwanagenzi wa mwaka wa tatu ameliona.