Barua pepe zimegoma tarehe ya zamani: maswali na majibu

*Fundi, nina nyumba ya wageni Jambiani. Kwenye Gmail ya simu barua ya juu kabisa ni ya siku tisa nyuma. Navuta chini, kiduara kinazunguka, hakiji kitu. Wageni wanasema wameniandikia. WhatsApp inafanya kazi vizuri. Nifute Gmail niiweke upya?*
Mwenye nyumba ya wageni, Jambiani

Usifute kitu kwanza, dada. Unachokiona simuni ni nakala tu. Barua zenyewe zinakaa kwenye seva za Google, na simu huenda huko kuchukua zile mpya na kukuwekea. Ikishindwa kwenda haikuoneshi kikasha kitupu, inakuonesha nakala ya mwisho iliyowahi kuchukua. Ndiyo maana kikasha chako kimesimama tarehe moja kana kwamba dunia nzima imeacha kukuandikia.

Kwa hivyo jambo la kwanza ni kujua njia imekatika upande gani. Fungua Chrome, andika mail.google.com, uingie kwa anwani ile ile. Ikikutaka uhamie kwenye programu ya Gmail, kataa, baki hapo hapo kwenye Chrome. Barua za wageni zikiwemo, seva ni salama na tatizo limo simuni mwako. Zikiwa hazimo huko pia, ruka hadi jibu la maalim wa Chake Chake hapo chini.

Hiyo WhatsApp usiifanye shahidi wa mtandao. Kuna mabando ya mitandao ya kijamii tu: yanapitisha WhatsApp lakini hayapitishi barua pepe. Na waifai ya hoteli inaweza kuonesha vijistari vyote vitatu na huku bando lake limekwisha tangu asubuhi. Fungua tovuti yoyote ambayo hujawahi kuifungua. Ikifunguka, mtandao upo.

Nikupe mfano wa simu iliyoletwa mezani kwangu hapa Darajani, yenye shida kama yako kabisa. Kwenye Chrome barua zote zilikuwemo, na tovuti nyengine zilifunguka. Nikaingia Settings, kisha Storage. Simu ya GB 32, nafasi iliyobaki haikufika hata MB 300. Android ikikaribia kujaa hupunguza kazi zake, na kuchukua barua ni mojawapo ya zinazosimama mwanzo. Mwenyewe alidhani picha za wageni ndizo zilizojaza. Kumbe ni video za magrupu ya WhatsApp: harusi, mawaidha, na ngalawa ile ile imetumwa mara nne. Tukaenda WhatsApp, Settings, Storage and data, Manage storage. Pale zinapangwa kwa ukubwa, kubwa juu. Tukafuta mpaka ikabaki GB 3, tukazima simu tukaiwasha.

Barua zikaja? Hazikuja. Hapo wengi hukata tamaa, na mimi nilitaka kukata. Nikafungua Gmail, nikagusa vijistari vitatu vya juu kushoto, nikashuka hadi Settings, nikagusa anwani yake. Chini kidogo pana kisanduku cha "Sync Gmail", na hakikuwa na alama ya vema. Mwanawe alikiondoa miezi kadhaa nyuma ili bando lidumu. Nikaweka alama, na baada ya dakika kama mbili barua zikaanza kumiminika.

Kuna swichi ya pili yenye kazi ya namna hiyo, nayo haimo ndani ya Gmail, imo kwenye simu yenyewe. Kwenye Samsung ni Settings, Accounts and backup, Manage accounts, kisha "Auto sync data". Kwenye simu nyengine nyingi itafute panapoandikwa Accounts, jina lake "Automatically sync app data". Swichi hiyo ikizimwa, zinasimama barua, kalenda na namba za simu kwa pamoja. Kwa hivyo ukiona namba uliyoiweka kwenye simu moja haitokei kwenye nyengine, anza hapo.

Ikiwa nafasi ipo, swichi zote zimewaka na bado kikasha kimeganda, basi ndipo tuseme nakala ya simuni imeharibika. Nenda Settings, Apps, Gmail, Storage. Bonyeza "Clear cache", hiyo haipotezi kitu. Ikishindikana, "Clear data", ambayo kwenye simu nyengine imeandikwa "Clear storage". Lakini kabla ya hiyo ya pili, angalia Outbox na Drafts. Barua uliyoiandika ukiwa huna mtandao na ambayo haijafika kwenye seva imo simuni tu, na "Clear data" inaondoka nayo. Inakili kwanza mahali pengine. Zile zilizopokewa usiziogope, zitashuka upya kutoka kwenye seva. Na ukishuka sana chini ukaona za zamani zinachelewa kufunguka, usishtuke: kwa kawaida Gmail huweka simuni za siku 30 tu, na nyengine huzifuata unapozitafuta.

*Mimi nimejaribu hata kwenye kompyuta ya skuli. Huko nako kikasha ni kile kile cha zamani. Wenzangu wanasema barua wanazonitumia zinawarudia.*
Maalim, Chake Chake

Maalim, simu yako haina kosa. Akaunti yako imejaa. Google hutoa GB 15 za bure, na watu husahau kwamba hizo ni za Gmail, Drive na Google Photos kwa pamoja. Mtu anaweza kuwa na barua chache kabisa, lakini video za sherehe za skuli zikapanda zenyewe kwenye Photos hadi zikamaliza kila kitu. Nafasi ikisha, barua mpya hazipokelewi, mtumaji anarudishiwa.

Fungua one.google.com/storage uone nani kala nafasi. Ikiwa ni barua, kwenye kisanduku cha kutafutia cha Gmail andika hivi:

```
has:attachment larger:10M
```

Itakuletea zile tu zenye viambatisho vizito, zaidi ya MB 10. Futa usizozihitaji, halafu nenda Trash ubonyeze "Empty trash now". Hatua hii ndiyo inayosahaulika. Barua iliyofutwa hukaa Trash siku 30, na muda wote huo inahesabiwa kwenye zile GB 15, kwa hivyo mtu anafuta nusu siku na kipimo hakisogei.

Ikiwa ni picha, taratibu sana. Ukiifuta picha ndani ya Google Photos iliyokwisha kupanda, inafutika seva na simuni pia. Zihamishe kwanza kwenye kompyuta au flashi, uzifungue uhakikishe, ndipo ufute.

Nafasi ikipatikana barua mpya zitaingia, ingawa kipimo chenyewe kinaweza kuchelewa mpaka siku moja kubadilika. Zilizokwisha kurudishwa kwa wenyewe hazitakuja peke yake. Waombe wenzako watume tena, na kama kuna barua ya Wizara unaisubiri, waulize na wao.

*Simu yangu ilizima siku nne, umeme ulikuwa haupo. Tangu niiwashe Gmail haileti kitu, na Chrome inaandika "Your clock is behind".*
Kijana, Wete

Simu imekwisha kukwambia maradhi yake, mdogo wangu. Betri iliyochoka ikiisha kabisa, baadhi ya simu husahau tarehe na kurudi nyuma, pengine miaka kadhaa. Kila simu inapotaka kuzungumza na seva, hukagua cheti cha seva hiyo, na cheti kina tarehe ya kuanza na ya kwisha. Simu inayodhani leo ni mwaka 2019 inakiona cheti cha mwaka huu hakijaanza kazi, inakikataa, mazungumzo yanakatika. Programu ya Gmail haikwambii haya, inakaa kimya na kikasha cha zamani. Chrome ndiyo yenye ulimi.

Settings, kisha Date and time, washa saa ya kujiweka yenyewe. Ukiwa mahali hapana mtandao wa simu iweke kwa mkono, tarehe na mwaka, na eneo liwe la Afrika Mashariki, GMT+03:00.

Na uiweke kwa saa za simu, si za Kiswahili! Nimeshaona simu ambayo mwenyewe saa mbili asubuhi kaiandikia 2:00 badala ya 8:00. Kosa la saa sita aghalabu halikati barua, lakini zile namba sita za Authenticator, unazotakiwa kuandika unapoingia kwenye akaunti, hutengenezwa kwa kufuata saa ya simu, na mtu akajikuta kila namba anayoiandika inakataliwa.

*Natumia iPhone. Barua za Gmail zinaingia nikifungua Mail tu, au usiku nikiwa nachaji. Mchana hakuna arifa hata moja.*
Mpeleka wageni kuzamia, Nungwi

Haijaharibika, imepangwa hivyo. Mail ya Apple haipigiwi hodi na Gmail, bali huenda yenyewe kuuliza kila baada ya muda. Ikiwa chaguo limewekwa "Automatically", nyuma ya pazia huuliza tu inapokuwa kwenye chaji na waifai, ndiyo huo usiku wako. Nenda Settings, Apps, Mail, Mail Accounts, Fetch New Data, uchague "Every 15 Minutes". Kwenye iPhone za kabla ya iOS 18, Mail ipo moja kwa moja ndani ya Settings. Low Power Mode nayo izime, kwani huisimamisha kazi hiyo. Kama dakika 15 ni nyingi kwa mteja anayesubiri boti, weka programu ya Gmail yenyewe. Hiyo hupata arifa papo hapo.

*Barua pepe ya ofisi yetu si Gmail, ina jina la kampuni. Simuni naona za mwezi uliopita, lakini kwenye kompyuta ya karani barua mpya zote zipo.*
Meneja, Mkunazini

Karani ndiye anayezichukua, na wala hana habari. Inaelekea Outlook ya kompyuta yake iliunganishwa kwa POP3, njia ya zamani ambayo huzishusha barua na, isipoambiwa vyengine, huzifuta kwenye seva. Simu yako ikifika inakuta ghala limefagiliwa. Jaribu hivi: mwambie azime kompyuta, ujitumie barua kutoka anwani nyengine. Ikiingia simuni, na ikatoweka baada ya yeye kuwasha, mwizi umempata.

Kwa leo hii, kwenye mipangilio ya akaunti katika Outlook yake, weka alama kwenye "Leave a copy of messages on the server". Dawa hasa ni kuiunganisha kompyuta hiyo upya kwa IMAP, mlango 993 wenye SSL/TLS, ili wote wawili msome kutoka ghala moja. Ila akaunti ya POP3 isiondolewe kabla ya kunakili faili la .pst lililomo kwenye kompyuta ile, maana barua zote za mwezi huu hazipo popote pengine.