Re: Mtamba anahangaika tangu asubuhi

"Mtamba wangu wa Friziani hapa Njoro analala na kuinuka tangu asubuhi, kiwele kimejaa. Ningoje hadi lini?"

Ndugu, kama hujaona mfuko wa maji, bado njia inafunguka. Ng'ombe aliyezoea kuzaa humaliza hatua hii kwa saa 2 hadi 6, lakini mtamba anaweza kuchukua 12 au zaidi. Mguse pembeni mwa shina la mkia: pakiwa pamelegea na kubonyea, kuzaa kuko karibu. Mwache mahali pakavu, na usiwaite majirani waje kutazama, maana akishtuka huchelewa.

Saa yako ianze mfuko unapotokea au anaposukuma kwa nguvu. Ng'ombe mzima asipoonyesha maendeleo kwa saa moja, au mtamba kwa saa moja na nusu hivi, mpigie daktari wa mifugo. Usingoje hata hivyo ukiona mguu mmoja tu, mkia, au kichwa bila miguu.

Angalia kwato. Nyayo zikitazama chini na pua imelala juu ya miguu, ndama amekaa sawa. Zikitazama juu, mara nyingi ni miguu ya nyuma, au ndama amegeuka chali. Kumvuta hapo bila kujua ndiko kunakoua ndama wengi.

Kondo la nyuma hutoka lenyewe, kwa kawaida ndani ya saa 12. Usilivute, wala usilifungie jiwe kama wafanyavyo wengine huku kwetu.