Hela yako imekopeshwa na bado unaitoa, nilivyoona nikiwa volti

Swali: "Wakuu nimeuza alizeti nikaweka milioni 6 benki hapa Dodoma. Kuna jamaa kaniambia hiyo hela saivi haipo, wameshamkopesha mtu mwingine. Mbona nikienda ATM inatoka? Na siku tukienda wote?"

Mkuu jamaa yako hajakudanganya ila kakupa nusu ya habari. Nimefanya benki miaka 7 hapahapa Dodoma, nikaanza keshia wa kaunta baadae nikawa natunza volti, yaani kile chumba cha chuma cha kulaza noti, ngoja nikupe nilivyoona kwa macho.

Tawi letu lilikuwa na amana za wateja kama bilioni 9 hivi. Unajua volti usiku ilikuwa inalala na shingapi? Kikomo milioni 350, ikizidi hapo tunaisafirisha kwa sababu noti iliyolala haizai kitu na pia ni hatari. Kwahiyo kama hoja ni noti, ni kweli, asilimia zaidi ya 95 ya hela za wateja haikuwepo pale ndani. Sasa chukua Jumatano ya kawaida tu. Watu wanatoa milioni 180, siku hiyohiyo wenye maduka ya Majengo na vituo vya mafuta wanaleta mauzo, milioni 165. Jioni nikifunga hesabu volti imepungua milioni 15 tu. Yaani yule aliyetoa saa nne asubuhi alipewa hela ambayo mwenye duka kaileta jana jioni, na wa kesho atapewa ya leo.

Kinachofanya hii kitu iende ni kwamba kalenda za watu hazifanani. Mkulima wa Kongwa au Chamwino anajaza akaunti mwezi wa 6 na wa 7 akishauza, anaanza kuitoa wa 11 mvua zikikaribia anatafuta mbegu na trekta. Mfanyabiashara wa mazao anaenda kinyume chake, mwezi wa 6 ndo anakomba kila kitu aende nacho Kibaigwa kununua mahindi. Mtumishi wa serikali mshahara ukiingia anatoa siku mbili tatu halafu anatulia, wanafunzi wa UDOM bumu likitoka ndo unaona foleni ya ATM inazunguka jengo. Sisi tulikuwa tunazijua hizo siku kabisa, wiki moja kabla naomba noti za ziada makao makuu. Ukiwachanganya watu wa aina hizo wote kwenye kapu moja, jumla ya salio inatikisika kidogo sana japo kila akaunti peke yake inapanda na kushuka kama kichaa. Lile fungu la chini ambalo halisogei ndilo benki inalitegemea kukopesha.

Halafu hapa kwenye kukopesha ndo wengi wanapopigwa chenga. Hakuna mtu anaenda kuchukua milioni zako 6 kumpa mwingine. Mama mmoja mwenye mashine ya kukamua alizeti alipopata mkopo wa milioni 20 kwetu, tulichofanya ni kuandika milioni 20 kwenye akaunti yake, na upande wa pili tukaandika anadaiwa 20. Akaunti yako haikupungua hata mia. Akimlipa muuza magunia ambae nae ana akaunti kwetu, tarakimu zinahama tu ndani ya nyumba. Ila akimlipa mtu wa benki nyingine, hapo benki yetu lazima itoe hela kweli kutoka akaunti yake iliyoko Benki Kuu, yaani BoT, iende kwa benki ya yule mtu. Hiyo ndo breki yenyewe, benki ikikopesha ovyo hela inaikimbia kuelekea benki zingine na akaunti yake Benki Kuu inakauka.

Na sheria nayo inabana. Kwenye kila shilingi 100 za amana benki inatakiwa kuweka 6 BoT haiguswi, na pia mali inayogeuka hela haraka, noti, hela iliyoko benki zingine, dhamana za serikali za muda mfupi, isipungue 20 kwa kila 100 ya madeni yanayoweza kudaiwa muda wowote. Siku ikibanwa inakopa usiku kwa benki nyingine, au inapeleka dhamana BoT inapewa hela. Kwahiyo inayokulinda sio volti tu, ni huo uwezo wa kupata hela leo dhidi ya mikopo ambayo italipwa miaka mitatu ijayo.

Ukitaka kuelewa uzito wa hilo angalia pasipokuwepo. Mama yangu alikuwa kwenye SACCOS moja kijijini huko Kongwa, jina niliache. Wanachama karibu wote wakulima. Amana zilikuwa kama milioni 60, mwezi wa 11 na wa 12 kamati ikakopesha 52 watu walime, ikabaki 8. Januari shule zikafunguliwa, wanachama kama 30 wakaja kila mmoja anataka laki 4 za godoro, sare na mahitaji ya mtoto, hiyo ni milioni 12. Waliowahi asubuhi wakapata, mama akafika saa sita akaambiwa arudi mwezi wa 7. Akauza mbuzi wawili kwa bei ya kutupa, hadi leo inaniuma. Sasa sikiliza, hakuna aliyeiba na mikopo ile ililipwa karibu yote baada ya mavuno. Kosa lilikuwa watu wote wana kalenda moja, waliokopa na walioweka wana shida msimu mmoja, na kamati haikuwa na pa kukopa hata wiki mbili. Mali ipo ila hela haipo.

Hiyo ni tofauti kabisa na benki ambayo mikopo yake imeshakufa, ile tunaita mikopo chechefu. Hasara ya mikopo hiyo inakula kwanza mtaji wa wenye benki, na mtaji ukiisha hata ikapewa mkopo wa usiku mmoja haisaidii, na benki wenzake wakinusa hawaipi. Januari 2018 BoT ilifunga benki 5 kwa mpigo kwa sababu ya mtaji pungufu, Covenant, Efatha, Njombe, Kagera na Meru.

Tukienda wote siku moja je? Hakuna benki duniani inayohimili hilo kwa hela yake yenyewe, hata nzuri. Itakopa BoT, ikiwa mikopo yake ni mizima itavuka na foleni itaisha yenyewe watu wakiona wanalipwa. Ikiwa imeoza itafungwa, na hapo inaingia Bodi ya Bima ya Amana, inamlipa kila mteja hadi milioni 7.5 kwa benki moja, inayozidi unasubiri mali za benki ziuzwe na unaweza usiipate yote. Wewe na milioni 6 zako upo ndani ya bima. Ila ukiuza tena msimu ujao ikafika 12, mi ningeigawa benki mbili.

Na ukiambiwa hela kubwa utoe taarifa jana yake usishtuke, hicho ni kikomo cha volti. Cha kushtukia ni ukiona kila mteja, hata wa laki 5, anapangiwa kiwango cha kutoa kwa wiki, na wakati huohuo benki hiyo inatangaza riba ya amana ya muda maalum iliyo juu sana kuliko wenzake wote mjini. Hapo inatafuta hela kwa bei yoyote, na mimi nikiona hivyo huwa nawaambia ndugu zangu wahamishe.