Ubao wa chesi uliokatwa kona mbili: tatizo ni rangi

Swali: "Nimekata kona mbili zinazotazamana kwenye ubao wa chesi. Imebaki miraba 62, nina domino 31, kila moja inafunika miraba miwili. Hesabu inakubali, mbona haziingii?"

Mkuu, hazitaingia hata ukeshe. Hesabu yako ni sahihi, ila imesahau rangi.

Fumbo hili huwa nawapa wanafunzi ninaowafundisha hesabu, nami nanyamaza, nawaacha wapange. Mwenye mkono mzuri hufikisha domino 30. Anabaki na moja mkononi na miraba miwili iliyo wazi, mmoja huku, mwingine kule. Hapo nauliza: hiyo miwili ina rangi gani? Kama kona zilizokatwa zilikuwa nyeusi, jibu ni lilelile meza zote: yote ni myeupe.

Haiwezi kuwa vinginevyo. Miraba inayopakana ubavu kwa ubavu haifanani rangi kamwe, kwa hiyo domino, uilaze au uisimamishe, inameza mweupe mmoja na mweusi mmoja. Domino 31 zinataka myeupe 31 na myeusi 31. Sasa anzia kona ya a1, ambayo ni nyeusi, upande kwa ulalo: b2, c3, d4, mpaka h8. Njia nzima ni nyeusi. Kwa hiyo kona ulizokata zote mbili ni nyeusi, na ubao umebakiwa na myeupe 32 na myeusi 30. Kila domino unayoweka inapunguza pande zote sawasawa, na ile ziada ya myeupe miwili haiguswi.

Kuna watakaosema ubao wao haujapakwa rangi. Haidhuru. Rangi ni daftari letu tu la kuhesabia. Ubao mtupu nao unagoma vilevile.

Je, ukikata mmoja mweupe na mmoja mweusi, popote pale? Hapo inawezekana daima, na aliyeonyesha hivyo ni mwanahisabati Ralph Gomory. Chora njia moja inayopita miraba yote 64 na kurudi ilikoanza: panda safu ya a kutoka a1 hadi a8, kisha shuka ukienda kulia na kushoto kwenye safu saba zilizobaki, mpaka b1, urudi a1. Rangi zinapokezana njia nzima. Ukitoa mweupe na mweusi, kila kipande cha njia kinachobaki kina idadi shufwa ya miraba, basi unazilaza domino ukiifuata njia.

Ila usidhani rangi zikilingana kazi imekwisha. Kwenye ubao mzima toa a2 na b1, ambazo ni nyeupe, kisha c3 na f6, ambazo ni nyeusi. Zimebaki 30 kwa 30, lakini a1 imekosa jirani, na hakuna domino itakayoifikia.