Bechi namba, siku ya kutengenezwa na ekspaya kwenye picha ya boksi la dawa: unavyozitenganisha

Swali: "Wakuu, dada wa dukani ananitumia picha za maboksi ya dawa kwa Wasapu mi naingiza kwenye Eksel. Boksi moja lina 240926, 09/2024 na 08/2027, nikaandika inaekspaya 24/09/26. Kanicheka. Nyie mnatofautishaje?"

Mkuu hiyo 240926 ni bechi namba, na usijisikie vibaya, mi nimekaa duka la dawa miaka kadhaa na nimeshafanya mabaya kuliko hilo. Bechi ni jina la mzigo uliotengenezwa pamoja, kiwanda kinaweza kuandika herufi, namba tupu, au namba inayofanana kabisa na tarehe kama hiyo yako, kwa hiyo ukiona tarakimu sita zimeshikana hazina mkwaju wala nukta usikimbilie kuziita tarehe.

Kinachowachanganya wengi ni kwamba yale maneno B.No., Mfg. na Exp. yanachapwa na boksi lenyewe kule kwenye kiwanda cha maboksi, halafu namba zinakuja kugongwa baadaye na mashine nyingine kule dawa inakofungwa. Boksi likikaa vibaya kidogo tu kwenye mashine, namba zote tatu zinashuka mstari mmoja. Mimi lilinikuta hilo hilo, bechi imesimama mbele ya Mfg., tarehe ya kutengenezwa imesimama mbele ya Exp., na ekspaya yenyewe iko chini peke yake haina neno. Nikasoma mstari kwa mstari kama mwanafunzi mtiifu, nikaona dawa imeshaisha muda, nikatenga boksi zima la amoksisilini pembeni likasubiri kuteketezwa. Bosi alipokuja akafungua pakiti moja akatoa stripu, ekspaya iliyogongwa pale ni ya miaka miwili mbele. Nilitamani ardhi ipasuke.

Toka siku ile sisomi mistari, nasoma mpangilio. Nahesabu kwanza maneno ni mangapi na namba ni ngapi, kama ni matatu kwa matatu basi la kwanza linaenda na la kwanza, la pili na la pili, hata kama hazijanyooka. Ila angalia mpangilio wa maneno ya boksi hilo hilo maana viwanda vingine vinaanza na Exp., na maboksi ya Kifaransa utakuta Lot, Fab. na Per., hiyo Per. ndo ekspaya. Ukiona kuna neno la nne kama M.R.P. hiyo ni bei ya huko India, usiihesabu kwenye tarehe.

Halafu piga hesabu ya miezi. Yako 09/2024 mpaka 08/2027, ukihesabu mwezi wa kwanza na wa mwisho inakuja miezi 36 kamili, na dawa nyingi za vidonge zinapewa 24 au 36, ndo maana mwezi wa ekspaya mara nyingi unakuwa mmoja nyuma ya mwezi wa kutengenezwa (wengine wanaacha mwezi ule ule, nayo sawa). Sasa kama picha ina ukungu ukasoma 03/2027 itakuja miezi 31, hapo jishtukie, hiyo 3 inaweza kuwa 8 ambayo wino wa vidotidoti haujashika upande mmoja. Ila usiirekebishe kwa hesabu tu, hesabu inakwambia uombe picha nyingine, haikwambii jibu. Na pale palipoandikwa mwezi na mwaka bila siku, dawa inatumika mpaka siku ya mwisho ya mwezi huo, yako ni 31/08/2027, usije kuandika tarehe 1 ukapoteza mwezi mzima.

Mwambie dada azime fleshi, ile inang'aa kwenye boksi na kufuta namba. Kama namba zimekandamizwa bila wino amulike tochi kutokea ubavuni, kivuli kitazionyesha. Atume kama dokumenti siyo kama picha, Wasapu inabana picha mpaka 0 na 8 zinakuwa ndugu. Na kila boksi liwe na picha ya pili ya stripu, upande wenye namba, maana bechi na ekspaya za humo lazima zifanane na za nje. Zikipishana usiingize kitu, mzigo utengwe kwanza, inaweza kuwa dawa ya boksi jingine imerudishwa humo.

Kwenye Eksel fanya safu ya bechi iwe Text kabla hujaandika chochote, la sivyo 024113 itakuwa 24113 na siku wakitangaza bechi fulani irudishwe utaitafuta usiione. Safu za tarehe nazo mi naziweka Text, la sivyo Eksel itazigeuza yenyewe, halafu naandika 2024-09 na 2027-08, mwaka mbele, hakuna wa kubishana ipi siku ipi mwezi.