Doa la kijani lenye kingo kali halitoshi kukuambia kuwa ni mchubuko

"Nimetumiwa picha ya jicho lililotiwa fluoresini na kumulikwa kwa mwanga wa buluu. Doa la kijani lina kingo kali, nami naona ni mchubuko tu wa konea. Nataka kulipaka malhamu na kulifunga hadi kesho. Nimesoma sawa?"

Usilifunge jicho hilo. Mwambie aliyekutumia akupe picha nyingine ya jicho hilohilo, iliyopigwa kwa mwanga mweupe kabla ya kutia rangi, na akueleze kama mgonjwa huvaa lenzi za machoni. Usiamue lolote kabla hujavipata vyote viwili.

Nasema hivyo kwa sababu niliwahi kuisoma picha kama hiyo jinsi unavyoisoma wewe. Mgonjwa alikuwa amelala na lenzi zake, akaamka jicho jekundu linalouma na kutoa machozi. Chini ya mwanga wa buluu niliona doa la kijani kibichi, lenye upana wa milimita tatu hivi, chini kidogo ya katikati ya konea, kingo zake zimekatika kana kwamba zimechorwa kwa kalamu. Nikaandika mchubuko, nikampaka malhamu, nikalifunga jicho. Aliporudi kesho yake maumivu yalikuwa yamezidi, na nilipoondoa bandeji nilikuta konea imepata doa jeupe lililovimba, na nyuma yake, chini kabisa, mstari wa usaha umetuama kama maji yaliyobaki kwenye kikombe. Alikwanguliwa sampuli ya maabara, akaanza matone ya antibayotiki kila saa, usiku na mchana. Maambukizi yalikwisha, lakini kovu lilibaki mbele ya mboni, na jicho lile halisomi tena maandishi madogo.

Nilirudi kwenye picha zake za siku ya kwanza. Ile ya mwanga mweupe ilikuwapo tangu mwanzo, nami sikuifungua. Katikati ya eneo ambalo baadaye ningeliona kijani palikuwa na kidoa cha kijivu, kama pumzi iliyoganda kwenye kioo, kisichozidi milimita moja.

Aliyenifundisha kuwa "kingo kali ni mchubuko, kingo zenye ukungu ni kidonda" alinipa kanuni iliyokaa vizuri kwenye mtihani na vibaya kwenye jicho la mtu, na bado nina uchungu naye, kwa sababu aliisema kwa uhakika na bila kutaja mipaka yake. Rangi ile hukuambia jambo moja tu: kwamba tabaka la juu la konea limeondoka mahali hapo. Mchubuko huliondoa, na kidonda chenye maambukizi huliondoa pia. Ukali wa kingo, kwa sehemu kubwa, hutegemea picha imepigwa muda gani baada ya kutia rangi, maana rangi ikikaa dakika kadhaa huanza kupenya kwenye nyama ya konea, na hata mchubuko safi huonekana umetanuka na kufifia pembeni.

Kinachotenganisha hali hizi mbili kiko chini ya lile tabaka, nako ndiko mwanga wa buluu usikokuonyesha, kwa kuwa mng'ao wa kijani huumeza ule weupe hafifu wa chembe za kinga zilizojikusanya. Kwa hiyo chukua picha ya mwanga mweupe, uikuze, na utazame sehemu ya rangi inayozunguka mboni kupitia pale palipokuwa na kijani. Ikiwa nyuzi zake zinaonekana wazi kama zilivyo pembeni, konea hapo bado ni angavu, na mchubuko unawezekana. Zikififia, au kukiwa na doa la kijivu au jeupe, lihesabu kuwa kidonda kilichoambukizwa hadi daktari wa macho alikague kwa darubini. Mwanga utoke upande, kwa sababu ukimulika moja kwa moja, mwako juu ya konea utakificha kidoa hichohicho unachokitafuta.

Hata konea iliyo angavu haimwondolei hatari mvaa lenzi, kwa kuwa maambukizi ya mapema huenda bado hayajaacha weupe. Bakteria wa sudomona, wanaopatikana mara nyingi kwenye vidonda vya wavaa lenzi, huweza kuharibu konea ndani ya siku moja au mbili, na jicho lililofungwa huwapa joto na unyevu huku likikuficha wewe usione. Mvaa lenzi hafungwi jicho. Lenzi hutolewa na kuhifadhiwa kwa ajili ya maabara, matone ya steroidi hayaguswi, matone ya ganzi hapewi kwenda nayo nyumbani, na jicho hukaguliwa tena kabla ya saa 24 kupita. Mchubuko safi, kipimo kwa kipimo, unapaswa kuwa umepungua ifikapo hapo. Doa ambalo halijapungua, au lililokua, si mchubuko tena.