Usihamishe aya kabla hujajua inadai nini

Wadogo zangu wa mwaka wa kwanza, naandika haya baada ya kukaa na rasimu zenu za asaimenti. Nawapenda, na nimechoka kuona alama zenu zikipotea mahali palepale kila muhula. Mhadhiri anarudisha rasimu na kuandika pembeni "haina mtiririko". Mnafungua kompyuta, mnakata aya ya nne na kuibandika juu ya aya ya pili, mnaanza kila aya kwa "Aidha", "Vilevile" au "Sambamba na hilo", kisha mnaituma tena. Maoni yanarudi yaleyale. "Aidha" haina nguvu ya kuunganisha aya mbili ambazo mwandishi mwenyewe hajaamua zinasema nini.

Nitatumia rasimu ya mdogo wetu mmoja wa historia, aliyekubali niieleze bila jina lake. Swali lilikuwa: kwa nini Mpango wa Karanga wa Tanganyika, ule wa serikali ya Uingereza wa kulima karanga kwa kiwango kikubwa Kongwa na kwingineko ili kupata mafuta ya kula, ulishindwa? Alikuwa amesoma vizuri. Kila alichoandika kilikuwa kweli na kina tanbihi yake. Lakini ukifika aya ya sita hujui tena unapelekwa wapi.

1. Kwanza ichapishe rasimu kwenye karatasi. Zipe aya namba, kisha pembeni mwa kila moja andika sentensi moja inayosema aya hiyo inadai nini. Iwe sentensi kamili, yenye kitenzi, ambayo mtu anaweza kuibishia. "Udongo wa Kongwa" ni mada tu, hakuna wa kuibishia. "Udongo wa Kongwa ulikuwa na mfinyanzi uliokauka na kuwa mgumu kiasi kwamba karanga hazikung'oleka kirahisi" ni hoja. Wengi wenu mnaandika mada pembeni na kudhani kazi imekwisha, halafu mpangilio mpya unakuwa mbovu kama wa zamani, kwa sababu mada zinaweza kupangwa kwa namna yoyote na zote zikaonekana sawa.

Mdogo wetu alifanya hivyo mwanzoni. Pembeni kukajaa "utangulizi", "historia", "Kongwa", "mashine", "wafanyakazi", "reli", "mashine tena", "hasara", "hitimisho". Nikamwambia afute yote aanze upya kwa sentensi. Hapo ndipo rasimu ilipofunguka, na naomba tuipitie taratibu.

Aya ya 1 na ya 2 zilieleza uhaba wa mafuta ya kula Uingereza baada ya vita, pendekezo la Frank Samuel wa kampuni ya United Africa mwaka 1946, na ujumbe wa wataalamu ulioongozwa na John Wakefield, uliozunguka nchi kwa wiki chache tu kabla ya kuandika ripoti. Alipojaribu kuandika hoja ya aya hizo, hakuipata. Zilikuwa zinasimulia. Simulizi si dhambi, msomaji anahitaji kujua yaliyotokea, lakini aya mbili nzima zilikuwa zimekwenda kabla insha haijasema neno lolote kuhusu kushindwa.

Aya ya 3 ndiyo iliyomtesa. Ilianza na vichaka vya Kongwa, ikaingia kwenye matrekta ya mitumba yaliyotokana na vita, ikagusa msongamano wa bandari ya Dar es Salaam, ikamalizikia kwenye mvua chache. Hoja nne katika aya moja, na kila moja imeachwa na sentensi mbili bila ushahidi wa kutosha. Mashine zikarudi tena aya ya 7, mvua ikarudi aya ya 4. Ukiona jambo lilelile limetawanyika aya tatu, usidhani umelisisitiza. Hukulimaliza hata mara moja.

Aya ya 5 ilihusu mgomo wa mwaka 1947 ulioanzia kwa wafanyakazi wa bandari ya Dar es Salaam. Aya ya 6 ilihusu bandari ya Mtwara na reli mpya iliyojengwa kuelekea Nachingwea. Aya ya 8 ilitaja paundi milioni 36 zilizopotea hadi serikali ya Uingereza ilipotangaza mwezi Januari 1951 kwamba mpango umefutwa.

Halafu aya ya 9, hitimisho. Katikati yake kulikuwa na sentensi hii, imejificha kati ya "kwa ujumla" na "hivyo basi": mpango ulianza kwa kiwango kikubwa kabla ya mtu yeyote kupanda shamba la majaribio Kongwa. Nilimwomba aisome kwa sauti. Akanyamaza, akasema, "Kaka, hii ndiyo jibu la swali."

Ndiyo. Na hapa ndipo wengi wenu mnapoumia bila kujua. Unapoandika rasimu ya kwanza, unafikiri kwa kalamu. Unaanza hujui jibu, unalikuta ukiwa umechoka, maneno yamekaribia kikomo, kwa hiyo linaishia kwenye hitimisho. Msomaji anapita aya nane bila kujua kila moja inatetea nini, anafika mwisho ndipo anapewa ufunguo. Kila rasimu inayotangatanga, anza kwa kusoma hitimisho lake. Mara nyingi hoja kuu iko pale, imechelewa tu.

2. Ukishaipata hoja kuu, iandike juu ya karatasi mpya na uiulize kila sentensi ya pembeni: unaisaidiaje hii? Mdogo wetu aliandika hivi: "Mpango ulishindwa kwa sababu haraka iliondoa hatua ya majaribio, na bila majaribio matatizo ya kawaida ya kilimo yaligunduliwa wakati fedha na mashine zilishamwagwa." Sasa udongo, mvua na mashine vikapata mahali. Kabla ya hapo zilikuwa sababu tatu zilizosimama foleni. Sasa zote zikawa mambo ambayo shamba dogo la misimu michache lingeyaonyesha mapema.

Mpangilio mpya ulitoka hivi, sentensi moja kwa kila aya, isipokuwa ya tano yenye mbili: pingamizi na jibu lake. Uhaba wa mafuta uliifanya serikali ya Uingereza itake matokeo upesi. Kwa hiyo ripoti ya mwaka 1946 ilikubaliwa bila shamba la majaribio. Kasi iliyopangwa haikulingana na vifaa vilivyokuwepo: lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa ekari 150,000, na hadi mwisho wa mwaka 1947 zilizosafishwa hazikufika hata 10,000. Udongo na mvua za Kongwa vilikuwa kikwazo ambacho majaribio yangekifichua. Lakini mtu anaweza kusema ukame ungeharibu mpango wowote. Hata hivyo Ugogo, eneo ilipo Kongwa, ulijulikana kwa ukame na njaa tangu zamani, na wakulima wa pale walikuwa na ujuzi ambao haukutafutwa. Hata tatizo lilipoonekana, uwekezaji mkubwa ulifanya iwe vigumu kurudi nyuma, ndiyo maana hasara ilifika paundi milioni 36.

Aya sita. Pamoja na hitimisho, tisa zimekuwa saba, na insha imekuwa na nguvu zaidi.

Angalia maneno yaliyojiingiza yenyewe: "kwa hiyo", "lakini", "hata hivyo", "ndiyo maana". Hiki ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vyote. Soma sentensi zako za mpangilio mfululizo, na kati ya kila mbili jaribu kuweka neno la kuunganisha. Kama neno pekee linalokubali kila mahali ni "pia", bado una orodha. Orodha ukiibadilisha mpangilio hakuna kinachoharibika, na hiyo ndiyo dalili ya ugonjwa. Mpangilio ulioshikana, ukiihamisha aya ya nne iwe ya pili, unasikia kabisa kwamba kuna kitu kimevunjika.

3. Aya yenye hoja nne usiihamishe nzima. Weka namba ya aya mpya pembeni mwa kila sentensi yake. Sentensi ya vichaka na ya matrekta zikaenda aya mpya ya tatu, pamoja na ya msongamano wa bandari, kwa sababu zote tatu zinaeleza kwa nini kasi haikuwezekana. Ile ya mvua ikaenda ya nne. Kazi hii inachosha, lakini ukiiruka utajikuta umehamisha fujo kutoka juu kwenda chini.

4. Zisizo na mahali zitoe. Hapa tulibishana. Aya ya reli ya Mtwara ilikuwa nzuri kuliko zote, ameihangaikia maktaba, na hakutaka kuiacha. Nikamuuliza inatetea hoja ipi. Akasema inaonyesha ukubwa wa mpango. Sawa, lakini swali halikuuliza ukubwa. Mwishowe alibakiza sentensi mbili tu, akaziweka katika aya ya sita: kwamba fedha ziliendelea kumwagwa kusini kwenye bandari na reli hata baada ya Kongwa kuonyesha dalili mbaya. Katika nafasi hiyo zikawa ushahidi. Zilizobaki akazihifadhi kwenye faili lingine. Fungueni faili la mabaki kila mara. Mtu hukata kwa moyo mwepesi akijua hajatupa. Mgomo wa mwaka 1947 ulikwenda hukohuko. Ni jambo kubwa katika historia ya wafanyakazi wa Tanganyika na unastahili insha yake, ila katika hii haukuwa na kazi.

5. Hoja moja kwa aya haimaanishi ushahidi mmoja, wala haimaanishi aya fupi. Hoja ya udongo inaweza kubeba takwimu, ripoti na maelezo ya mavuno, ilimradi vyote vinavuta upande mmoja. Na hoja nzito inaweza kuchukua aya mbili, ya kwanza ikiidai, ya pili ikijibu pingamizi. Aya ya simulizi nayo inaruhusiwa pale msomaji anapohitaji mfuatano wa matukio, lakini ipe sentensi ya kwanza inayomwambia kwa nini anasimuliwa.

6. Kuna wakati sentensi ya pembeni inagoma kabisa kuandikika. Umekaa robo saa, unaifuta kila mara. Msiulaumu mpangilio hapo. Mara nyingi maana yake hujasoma vya kutosha kuhusu jambo hilo, na aya iliandikwa kujaza maneno. Mdogo wetu alikwama hivyo kwenye udongo: alijua ulikuwa "mbaya" lakini hakujua ubaya wake. Alirudi maktaba mchana mmoja, akakuta habari ya mfinyanzi na ugumu wakati wa kuvuna, na hoja ikaandikika papo hapo.

Utangulizi aliuandika wa mwisho. Uhaba wa mafuta ya kula ukabaki sentensi moja, hoja kuu ikahamishwa kutoka hitimisho hadi mwisho wa aya ya kwanza. Hitimisho likabaki na nafasi tupu, naye akaitumia kwa swali ambalo rasimu ya zamani haikuwa na nafasi ya kulifikia: kama kusingekuwa na haraka, je, karanga zingeota Kongwa kwa faida? Alijibu kwa tahadhari kwamba labda kwa kiwango kidogo, akaeleza sababu zake, akaituma.